Kuona kamera za duka ukiwa Rongai bila kufungua poti hata moja

*Fundi, nina duka la spea Kirinyaga Road na naishi Rongai. Dukani nina kamera nane kwenye DVR, na kompyuta ya stoku. Aliyenifungia kamera aliniambia nifungue poti 8000 na 554 kwenye ruta. Nilifungua, lakini nikitoka dukani sioni kitu. Kampuni ya intaneti inasema nilipe zaidi kila mwezi ndipo nipewe IP yangu. Nimesikia kuna VPN ambazo hazihitaji kufungua poti. Zinafanyaje kazi, na naweza kuziweka mwenyewe?*

Unaweza kuziweka mwenyewe, ndugu yangu, na hakuna haja ya kulipia IP. Lakini kabla hujagusa chochote, fanya jaribio moja la dakika tano litakalokuonyesha kwa nini zile poti hazikufanya kazi.

Ukiwa dukani, ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute anwani iliyoandikwa WAN IP, uinakili kwenye karatasi. Halafu, kwenye kompyuta inayotumia ruta hiyohiyo, fungua `ifconfig.me` kwenye kivinjari usome anwani ambayo dunia inakuona nayo. Namba hizo mbili zikilingana, kosa liko kwenye ruta yako au kwenye DVR. Zikitofautiana, na ile ya ruta ikawa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi juu ya ruta yako kuna ruta nyingine kubwa ya kampuni ya intaneti, na wewe na wateja wengine wengi mnatoka nje kwa anwani moja. Mpangilio huo unaitwa CGNAT. Nina hakika karibu kabisa kwamba hilo ndilo lako, kwa sababu wasio na CGNAT kwa kawaida hawaambiwi walipie IP.

Usimlaumu sana aliyekufungia kamera. Alichokufundisha kilifanya kazi miaka ya nyuma, wakati kila ruta ya nyumbani ilipewa anwani yake. Anwani za IPv4 zimekauka. Tangu Januari 2020, AFRINIC, shirika linalogawa anwani hizo barani Afrika, halimpi mwanachama zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kampuni yenye maelfu ya wateja wa faiba haina njia ila kuwabananisha.

Fikiria ploti ya ghorofa sita yenye geti moja, na askari mwenye daftari. Ukimtuma mtoto dukani, askari anaandika: mtoto wa nyumba 4B ametoka kwenda duka la Kamau. Akirudi na mkate, askari anatazama daftari, anaona jina, anamruhusu apande. Lakini mgeni akija tu getini na kusema "natafuta mwenye kamera", askari hana mstari wowote unaomhusu, kwa hiyo anamrudisha. Kufungua poti kwenye ruta yako ni sawa na kuacha mlango wa 4B wazi. Mgeni hafiki huko juu, kwa sababu amezuiwa getini, na daftari la getini si lako.

Sasa, hizo VPN ulizosikia zinajengwa juu ya jambo moja: askari hawezi kutofautisha jibu na mgeni, mradi mstari upo kwenye daftari. Kwa hiyo hakuna anayegonga geti la mwenzake. Kila kifaa kinatoka nje, na vinakutana njiani.

Inakwenda hivi. Unaweka programu dukani na kwenye simu yako. Kila moja inatengeneza jozi ya funguo: ufunguo wa siri unaobaki ndani ya kifaa, na ufunguo wa wazi unaopelekwa kwenye seva ya uratibu iliyo kwenye intaneti. Kifaa cha dukani kinaipigia seva hiyo kutoka ndani, jinsi kivinjari chako kinavyofungua tovuti yoyote. Simu yako inafanya vivyo hivyo. Seva ya uratibu haipitishi picha zako. Kazi yake ni kuwaambia hawa wawili: mwenzako ana ufunguo huu, na mara ya mwisho alionekana nje kwa anwani hii na poti hii. Anwani na poti ya nje kila kifaa kinazijua kwa kuuliza seva ya STUN, ambayo inajibu neno moja tu: "nakuona ukitokea hapa."

Kisha vifaa vyote viwili vinatumiana pakiti za UDP, yaani zinazotumwa bila kusubiri muunganisho kwanza, karibu kwa wakati mmoja. Pakiti ya kwanza ya simu inafika kwenye geti la duka na huenda ikakataliwa, lakini kwa kutoka kwake imeandikisha mstari kwenye daftari la upande wa simu. Pakiti ya duka nayo inaandikisha mstari kwenye daftari la upande wa duka. Pakiti inayofuata, kila askari anaiona kama jibu la mtu wake aliyetoka muda si mrefu, anaipitisha. Kuanzia hapo simu na duka vinaongea moja kwa moja, na maongezi yote yamefungwa kwa funguo zile, kwa njia inayoitwa WireGuard, ambayo iliingizwa ndani ya Linux yenyewe mwaka 2020 kwenye toleo la 5.6. Mistari ya daftari hufutwa ikikaa kimya, kwenye ruta nyingi baada ya nusu dakika au dakika chache, ndiyo maana programu hutuma vijipakiti vidogo kila mara kuiweka hai.

Kuna mageti magumu ambapo mbinu hii hushindikana. Hapo programu inatumia kituo cha kupokezea: pande zote mbili zinatoka hadi kituo hicho, nacho kinazipokezanisha pakiti zikiwa bado zimefungwa, bila kuweza kuzisoma. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu ndilo litakaloamua kama picha yako itakuwa laini au itakwama.

Programu za namna hii ziko kadhaa: Tailscale, ZeroTier, NetBird, Nebula. Mimi nakushauri uanze na Tailscale. Mpango wake wa bure unamtosha mtu mmoja mwenye vifaa vichache, na vituo vyake vya kupokezea, vinavyoitwa DERP, kimojawapo kiko hapahapa Nairobi. Usilichukulie hilo kuwa dogo. Kituo kikiwa Ulaya, kila pakiti kutoka Kirinyaga Road kwenda Rongai ingevuka bahari na kurudi.

Kabla ya kuweka, badilisha anwani za ndani za duka. Najua linaonekana kama jambo la pembeni, ila limewapotezea watu wengi siku nzima. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikitumia 192.168.1.x au 192.168.100.x. Ya duka na ya nyumbani Rongai huenda zinafanana. Ukiwa nyumbani na kuiambia simu itafute DVR kwenye 192.168.1.10, inaweza kukutana na runinga yako ya sebuleni. Kwa hiyo chagua namba isiyo ya kawaida kwa duka, mfano 192.168.37.x. Anza na DVR yenyewe: kwenye menyu ya mtandao iandikie 192.168.37.10, na lango 192.168.37.1. Ndipo uende kwenye ruta uibadilishe iwe 192.168.37.1. Ukianza na ruta, DVR itabaki na namba ya zamani na hutaifikia hadi uchomeke skrini na kipanya chake.

Tatizo la pili ni kwamba DVR haikubali kuwekewa Tailscale. Ni kisanduku kilichofungwa. Unahitaji kifaa kimoja dukani cha kuwa mpokezi kwa niaba yake. Kompyuta yoyote kuukuu yenye Linux inatosha, au Raspberry Pi. Ingewezekana kutumia ile ya stoku, lakini sipendi, kwa sababu karani akiizima jioni, kamera zinapotea usiku, na usiku ndio ulikuwa unazitaka. Hicho kifaa cha kupokea kiunganishe na ruta kwa kebo, si kwa waifai, kisha andika:

```
curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
echo 'net.ipv4.ip_forward = 1' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf
sudo sysctl -p /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf
sudo tailscale up --hostname=duka --advertise-routes=192.168.37.10/32
```

Mstari wa kwanza unaweka programu. Wa pili na wa tatu vinairuhusu Linux kupitisha pakiti zisizo zake, kazi ambayo huwa imezimwa. Wa nne unakiunganisha kifaa na kutangaza: anayetaka 192.168.37.10 apitie kwangu. Ule `/32` mwishoni unamaanisha anwani hiyo moja tu. Wengi hutangaza mtandao mzima kwa `/24`, na hapo kila simu ya mfanyakazi iliyo kwenye waifai ya duka inafikika kutoka nje bila sababu. Tangaza unachohitaji.

Amri ya mwisho itakuandikia kiungo. Kifungue kwenye kivinjari, uingie kwa akaunti yako ya barua pepe. Kisha nenda kwenye ukurasa wa usimamizi, sehemu ya Machines, uguse vitone vitatu kando ya `duka`, na ufanye mambo mawili. Kwanza, Edit route settings, uweke tiki kwenye 192.168.37.10/32, kwa sababu njia iliyotangazwa haifanyi kazi hadi mwenye mtandao aikubali. Pili, Disable key expiry. Hilo la pili nakuomba usiliahirishe hata kwa siku moja.

Sababu yake ni hii. Kwa kawaida ufunguo wa kila kifaa huisha baada ya siku 180, ili kifaa kilichosahaulika kisiendelee kuwa na ruhusa milele. Kwenye simu yako ni jambo zuri, unaingia tena na maisha yanaendelea. Lakini kisanduku cha dukani hakina mtu wa kuingia tena. Mara yangu ya kwanza kuweka mfumo huu kwa mteja, nilisahau tiki hiyo. Miezi sita baadaye alinipigia saa nne usiku yuko Kisumu, kamera zimepotea zote kwa mpigo, na yeye akadhani ameibiwa. Stima ilikuwepo, intaneti ilikuwepo, ila ufunguo ulikuwa umekwisha jioni ile. Ilibidi asubuhi niende mwenyewe hadi dukani na kibodi mkononi. Kama kamera zako zitawahi kuzimika ghafla wakati kila kitu kingine ni kizima, hesabu kwanza miezi tangu uweke.

Kwenye simu, weka Tailscale, ingia kwa akaunti ileile, uiwashe. Android na iPhone hukubali njia zilizotangazwa bila kuulizwa. Kompyuta ya Linux pekee ndiyo inahitaji kuambiwa kwa `sudo tailscale set --accept-routes`. Halafu fungua ile programu ya kamera unayotumia ukiwa dukani, uongeze DVR kwa anwani 192.168.37.10 na poti 8000. Usitumie njia ya kuskani kodi ya QR, hiyo inapitia seva za mtengenezaji wa kamera. Uzuri wa mpango huu ni kwamba anwani ni ileile ukiwa dukani, ukiwa kwenye matatu, au ukiwa Rongai.

Jambo moja utaliona kwenye kumbukumbu za DVR ni kwamba kila anayeingia ataonekana ametokea kwenye anwani ya ndani ya kisanduku cha `duka`. Usishtuke. Mpokezi anaweka anwani yake badala ya ya simu, ili DVR ijue pa kurudisha jibu. Ila ina maana DVR haiwezi tena kukuambia ni simu ipi iliyoingia, kwa hiyo kila mtu awe na jina lake la mtumiaji kwenye DVR.

Ile kompyuta ya stoku, kwa kuwa inakubali programu, iwekee Tailscale yake yenyewe. Itapata anwani yake inayoanza na 100, na utaifikia kwa hiyo. Anwani hizi za Tailscale zinatoka kwenye lile fungu la 100.64 hadi 100.127 ambalo kampuni za intaneti hulitumia kwa CGNAT. Usichanganye anwani ya 100 uliyoiona kwenye ukurasa wa ruta na ile utakayoiona kwenye Tailscale. Zinafanana sura, hazina undugu.

Sasa turudi kwenye mageti magumu. Nilimwekea mfumo kama wako jamaa mwenye ghala Industrial Area, anayeishi Umoja. Akiwa kwa rafiki yake, picha zilikuja vizuri. Akiwa kwake nyumbani zilikwama kila sekunde chache, na yeye akaamini intaneti ya nyumbani ni mbovu, ingawa filamu alizitazama bila shida. Nilienda kwake na kompyuta yangu, nikauliza:

```
tailscale ping ghala
```

Majibu yote yalirudi na maneno `via DERP(nai)`, na mwisho ikaandikwa `direct connection not established`. Yaani pakiti zilikuwa zinapitia kituo cha kupokezea cha Nairobi muda wote. Kituo hicho ni cha watu wote na kina mipaka ya kasi. Kwa kuandika amri au kufungua jedwali la stoku kinatosha kabisa, lakini kwa video ya kamera nyingi kinalemewa. Nikauliza swali la pili:

```
tailscale netcheck
```

Kwenye majibu yake kuna mistari miwili ya kusoma kwanza. `UDP: true` ilikuwepo, kwa hiyo mtandao haukuwa umeziba UDP. Lakini mstari wa `MappingVariesByDestIP` ulisema `true`. Hilo ndilo geti gumu: askari anayempa mtoto poti tofauti kwa kila duka analokwenda. STUN inamwambia "nakuona kwenye poti 40112", lakini akitumwa kwenye ghala anatokea kwenye poti nyingine kabisa, na ghala linamsubiri mahali asipopitia. Upande wa ghala ulisema `false`, kwa hiyo tatizo lilikuwa Umoja.

Chanzo kilikuwa kwenye rafu ya runinga. Ruta ya kampuni ilikuwepo, na nyuma yake alikuwa amechomeka ruta yake aliyonunua River Road ili waifai ifike chumbani. Ruta hiyo ya pili ilikuwa ikifanya NAT yake, yaani ina daftari lake mwenyewe la getini, na ndiyo iliyokuwa inabadilisha poti. Nikaigeuza iwe kituo cha waifai tu, kwenye menyu yake pameandikwa Access Point. Nilipouliza tena:

```
pong from ghala (100.101.40.7) via DERP(nai) in 61ms
pong from ghala (100.101.40.7) via DERP(nai) in 58ms
pong from ghala (100.101.40.7) via 203.0.113.20:41641 in 14ms
```

Angalia mistari miwili ya kwanza ilivyopita kwenye kituo, halafu wa tatu ukapata anwani halisi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Maongezi huanza mara moja kupitia kituo, huku nyuma pande mbili zikitafutana, na zikikutana zinahama bila wewe kujua. (Anwani hiyo ya nje nimeibadilisha, isiwe ya mtu.) Ukiona `via` ikifuatwa na anwani na poti, uko moja kwa moja. Ukiona DERP hadi mwisho, soma `netcheck` pande zote mbili. Upande mmoja ukisema `true` bado kuna nafasi, ila zikisema `true` zote, jizoeze kuishi na kituo.

Na simu ikiwa kwenye data, huna ruta ya kurekebisha. Geti ni la kampuni ya simu. Kwa hiyo panga video yako ukichukulia kwamba mara nyingine utapitia kituoni. DVR yako ina mitiririko miwili kwa kila kamera. Mkubwa, kwenye menyu Main Stream, mara nyingi huwekwa karibu megabiti 4 kwa sekunde. Mdogo, Sub Stream, huwekwa karibu kilobiti 512. Kamera moja kwa mtiririko mkubwa inakula takriban gigabaiti 1.8 kwa saa, na kwa mdogo takriban megabaiti 230. Zidisha kwa kamera nane uone bando litakavyoyeyuka. Weka programu ya kamera ifungue mtiririko mdogo kwanza, na mkubwa uufungue kwa kamera moja tu unapotaka kusoma namba ya gari. Kumbuka pia kwamba video inatoka dukani, kwa hiyo kinachokubana huko ni kasi ya kupakia, si ile ya kupakua inayotangazwa kwenye mabango.

Baada ya kila kitu kufanya kazi, rudi kwenye ruta ya duka ufute zile poti 8000 na 554, na uzime UPnP, ile kazi inayoacha vifaa vya ndani vijifungulie poti vyenyewe. Leo CGNAT inakukinga bila kukusudia, lakini kampuni yako ikibadilisha mpangilio usiku mmoja, DVR itakuwa uchi mbele ya dunia. Mwaka 2016 virusi vya Mirai vilikusanya kamera na DVR kwa maelfu mengi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na vikazitumia kuangusha huduma kubwa za intaneti. Kwa hiyo badilisha na nywila ya DVR, hata kama hakuna poti iliyo wazi.

Geti la mtandao wako mpya sasa ni ile barua pepe uliyoingia nayo. Anayeiba akaunti hiyo anaongeza kifaa chake na kuingia dukani kwako kama wewe. Iwekee uthibitisho wa hatua mbili leo. Ukimwalika karani, ujue kwamba kwa mpangilio wa mwanzo kila kifaa kinaruhusiwa kufikia kila kifaa, kamera zikiwemo. Kwenye sehemu ya Access controls badilisha sheria ziwe hivi, ukiweka barua pepe zenu halisi na anwani na poti ya kompyuta ya stoku:

```
"acls": [
  {"action": "accept", "src": ["mwenye@example.com"], "dst": ["*:*"]},
  {"action": "accept", "src": ["karani@example.com"], "dst": ["100.101.40.9:8080"]}
]
```

Na siku akiacha kazi, unafuta jina lake hapo. Hakuna nywila ya kubadilisha wala fundi wa kuita.

Kuna kitu unakabidhi hapa, nacho ukijue. Seva ya uratibu ni ya kampuni, na ndiyo inayoamua ni funguo zipi zinaingia kwenye mtandao wako. Haiwezi kusoma picha, lakini kwa nadharia ingeweza kuingiza kifaa kigeni. Kwa duka la spea mimi naona inakubalika. Kama lingekuwa duka la dawa lenye kumbukumbu za wagonjwa, ningekuwekea Headscale, seva ya uratibu unayoiendesha mwenyewe kwenye mashine ya kukodi yenye anwani ya umma, au ningewasha Tailnet Lock, inayodai vifaa vyako mwenyewe vitie sahihi kila kifaa kipya.

Mipaka mingine ni midogo lakini utakutana nayo. Android huruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiwasha nyingine, kamera zinapotea. Simu zenye kubana matumizi ya betri huiua Tailscale ikiwa nyuma. Iondoe kwenye orodha ya zinazobanwa. Na mfumo huu ni wa vifaa vyako pekee. Ukitaka wateja waone orodha ya spea kwenye tovuti, hauwezi kuwaambia wote waweke Tailscale, hiyo ni kazi nyingine yenye zana nyingine.

Kabla hujaondoka dukani siku ya kuweka, fanya jaribio moja zaidi. Zima swichi kuu ya stima, subiri dakika mbili, iwashe. Tailscale yenyewe huamka na Linux, lakini kompyuta kuukuu nyingi hukaa zimezimika hadi mtu abonyeze kitufe. Kama yako inafanya hivyo, ingia kwenye BIOS, menyu ya kompyuta inayofunguliwa kabla Linux haijawaka, utafute mstari unaofanana na Restore on AC Power Loss, uuweke Power On. Raspberry Pi huwaka yenyewe. Halafu toka nje barabarani, zima waifai ya simu ubaki na data, ufungue kamera ya kaunta. Ikija ndani ya sekunde chache baada ya stima kurudi, funga duka uende nyumbani.